Vidole vinagoma kufika mwisho: biti ya duara na kona ya mraba

*"Habari za kazi, fundi. Nina karakana ndogo Kizota hapa Dodoma, tumeanza kukata plaiwudi ya mm 18 kwa mashine ya CNC, biti ya mm 6. Nimechora kabati la pembeni mwa kitanda, kona zake ni vidole vya mm 40. Kwenye kompyuta vinakaa vizuri, lakini vikishakatwa vinagoma: kwa ndani inabaki nafasi kama ya mm 3. Nimelegeza vidole mpaka vinacheza, bado. Nimezungusha ncha za vidole kwenye mchoro ziwe mviringo, bado vilevile. Na mteja anataka droo za mkia wa njiwa kama za zamani. Tatizo ni mashine au ni mimi?"*

Mashine yako ni nzima, fundi mwenzangu, na hizo mm 3 ndizo zinazoniambia hivyo. Biti ya mm 6 ina nusu kipenyo cha mm 3. Ungeniandikia kwamba inabaki mm 1 au mm 5 ningekuuliza maswali mengine kwanza, lakini nafasi inayolingana na nusu ya biti ni alama ya biti yenyewe.

Chukua kifuniko cha chupa ya soda, kisukume kwenye kona ya ndani ya droo yoyote iliyo karibu nawe. Kitagusa ubavu mmoja, kitagusa na wa pili, halafu kitasimama. Nyuma yake, kwenye kona yenyewe, kitabaki kipande kidogo ambacho kifuniko hakiwezi kukifikia hata ukisukume mpaka kesho. Biti ni kifuniko hicho. Kona ya nje inaikata ikawa kali kama kisu, kwa sababu inaizunguka. Kona ya ndani lazima iiache na mviringo wenye nusu kipenyo sawa na wake. Mchoro wako una mapengo ya mraba. Ulichokata kina mapengo ambayo kitako chake kimejikunja pande zote mbili. Kidole cha mraba kinashuka vizuri mpaka pale mviringo unapoanzia, kinagonga, basi.

Hapo utaona kwa nini kulegeza hakukusaidia. Tuseme umepunguza kidole nusu milimita kila upande, ambayo kwa kiungo cha gundi ni mengi mno. Mviringo unapanda kwa ukali sana karibu na ukuta, kwa hiyo kidole chako kitashuka zaidi kidogo na bado kitabakiza kama mm 1.3. Ili kifike chini kwa kulegeza tu, ungelazimika kukipunguza mm 3 nzima kila upande. Kidole cha mm 40 kingebaki mm 34 na kabati lingesimama kwa maombi.

Suala la kuzungusha ncha linahitaji tukae nalo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea, na mimi nilipotea hapo hapo. Laza ubao wa juu wa kabati mezani, kama ulivyolala kwenye mashine. Ukitazama pengo lake kutoka juu, unaona mviringo kwenye kona mbili za ndani, na mviringo huo unashuka wima kupita unene wote wa ubao, kama ukuta wa kisima. Sasa leta ubao wa ubavu ukiwa umesimama, kidole chake kikipanda ndani ya pengo hilo. Kinachogusana na mviringo si ncha ya kidole. Ni kingo mbili ndefu, zile zinazotoka shina la kidole hadi nchani kwenye uso wa ndani wa ubao. Wewe ulizungusha kona za ncha, ambazo ndizo unazoziona ubao wa ubavu ukiwa umelala kwenye mchoro wake. Zile kingo zinazogoma, kwenye mchoro huo ni mistari iliyonyooka tu. Mviringo unaozihitaji upo kwenye unene wa ubao, na mchoro bapa hauna unene.

Kwa hiyo kila unapofikiria kiungo cha CNC, jiulize kwanza: mviringo wa biti umelala kwenye uso upi, na ubao wa pili unaukuta kwa upande upi? Mbao mbili zikikutana kwa pembe ya mraba, mviringo wa mmoja hauwezi kufuatwa na mchoro wa mwingine. Zikikutana bapa kwa bapa, unaweza kufuatwa. Tutarudi hapo tukifika kwenye mikia ya njiwa.

Dawa ya kawaida kwa kona ya mraba ni kuiongezea sikio. Yaani unaiambia biti ipitilize kidogo kwenye kona ili ile nyama isiyofikika iondoke yote. Masikio ni ya aina mbili, na kuchagua kati yake ndiyo kazi ya usanifu hasa. La kwanza ni la mshazari: biti inaingia kwenye kona kwa kufuata mstari unaoigawa katikati, mpaka ukingo wake upite juu ya kona yenyewe. La pili ni la ubavuni: biti inapitiliza upande mmoja tu, kwenye ukuta au kwenye kitako cha pengo. Ukitumia VCarve utayakuta ndani ya zana ya `Create Fillets` kwa majina ya `Dog-Bone` na `T-Bone`. Ukichora kwa programu isiyo na zana hiyo, weka duara kwa mkono. Kwa sikio la mshazari, kitovu cha duara kinakaa ndani ya pengo, umbali ule ule kutoka ukutani na kutoka kwenye kitako:

```
r = 3.1
x = y = 0.707 * r = 2.19
```

Utauliza mbona r ni 3.1 wakati biti ni 3.0. Hiyo nimeilipia. Niliwahi kununua biti dukani kwa jina la mm 6, nikachora masikio ya kipenyo cha mm 6 kamili, nikakata karatasi nzima ya vitanda vya watoto. Biti ilikuwa ya robo inchi, yaani mm 6.35. Nilikuwa nimeingiza kipimo chake sahihi kwenye programu baada ya kuipima, lakini mchoro nikauacha. Programu ilipoona duara la mm 6 halipitishi biti ya 6.35 haikupiga kelele wala kuonyesha rangi nyekundu, iliyaruka masikio yote kimyakimya. Nilikuja kugundua wakati wa kuunga, gundi ikiwa tayari kwenye brashi. Tangu siku hiyo duara langu huwa kubwa kuliko biti kwa mm 0.2, na kabla ya kukata natazama njia ya biti kwenye skrini nikiwa nimevuta kona moja karibu. Kama njia haina kijipindo kwenye kona, sikio halipo.

Sasa, sikio lipi kwa kabati lako? Sikio la mshazari linakula kidogo: linapita ukuta na kitako kwa mm 0.9 tu kila upande. Ubaya wake ni kwamba hiyo 0.9 ya kwenye kitako inaonekana ndani ya kabati kama kitundu kidogo cha giza, na nje pia. Sikio la ubavuni nakushauri ulielekeze kwenye ukuta wa pengo, kamwe si kwenye kitako. Ukilielekeza kwenye kitako, linachimba mm 3 kuingia kwenye ubao, na mteja akifungua mlango anaona mstari wa vishimo kuanzia mbele hadi nyuma. Ukilielekeza ukutani, kishimo kinakaa kwenye shina la kidole, na kwa ndani kinafunikwa kabisa na unene wa ubao wa pili. Ndani kona inabaki mstari safi. Kwa nje unaona nusu duara pembeni mwa kila kidole, na wateja wengine wanadhani ni urembo. Usiwasahihishe.

Gharama ya sikio la ukutani ni shina la kidole. Kila upande unapoteza mm 3.1, kwa hiyo kidole chako cha mm 40 kinabaki na shina la karibu mm 34. Kwa plaiwudi ya mm 18 hilo si tatizo. Lakini ukichora droo ya plaiwudi ya mm 12 yenye vidole vya mm 12, shina litabaki chini ya mm 6, na kwenye plaiwudi shina la namna hiyo linakatika ukiligonga kwa nyundo ya mpira. Hapo ama utumie sikio la mshazari, ama upanue vidole. Mimi kwa droo yenye kimo cha mm 120 huweka nafasi tano za mm 24, vidole na mapengo pamoja, na silijadili zaidi.

Tuchukue kabati lako tulipange. Sijui kina chake, lakini tuseme ni mm 360. Kwa vidole vya mm 40 unapata nafasi tisa. Namba witiri ni nzuri kwa sababu ubao unaanza na kumaliza vilevile, na hutachanganya kulia na kushoto. Mbao za ubavu zianze na kidole na kumaliza na kidole: vidole vitano, mapengo manne. Mbao za juu na chini ziwe na vidole vinne na mapengo matano, mawili kati ya hayo yakiwa ya pembeni kabisa, yaliyo wazi. Pengo la pembeni lina kona moja tu ya ndani, usiliwekee masikio mawili kwa mazoea. Ukihesabu, kila kona ya kabati ina masikio kumi na sita, na kabati zima lina 64. Hesabu hiyo itakufaa ukifika kwenye hoja ya patasi.

Ulegevu uweke mahali pamoja na uugawe sawa. Kwa plaiwudi ya unene wako naanza na mm 0.1 kila upande, yaani vidole vinachorwa mm 39.9 na mapengo mm 40.1. Usibadilishe umbali kutoka katikati ya kidole hadi katikati ya kinachofuata. Huo ubaki mm 80 kamili. Nimeona mtu akipunguza kila kidole kwa 0.2 huku akivipanga vikigusana kwenye mchoro, na kufikia kidole cha tisa alikuwa amepotoka karibu mm 2. Kiungo kinaanza vizuri upande wa mbele na kukataa upande wa nyuma, naye analaumu mashine.

Kina cha pengo ndicho kinachohusu unene, na hapa plaiwudi inadanganya. Karatasi inayouzwa kama mm 18 mara nyingi ni 17 na ushee, na karatasi mbili za rundo moja zinaweza kutofautiana. Sisi wa Dodoma tuna la ziada: karatasi iliyotoka Mafinga au Dar es Salaam wakati wa mvua inafika huku kwenye hewa kavu ya kiangazi, inakauka, inakonda kidogo, na ikiwa imeegemezwa ukutani inapinda. Zilaze bapa ndani ya karakana siku kadhaa kabla ya kuzikata. Halafu siku ile ile ya kukata, pima kwa venia kalipa sehemu tano, mbali kidogo na ukingo ambao forklifti na kamba zimeuponda. Tuseme umepata kati ya 17.3 na 17.6. Chukua kubwa zaidi, ongeza 0.2, uchore pengo la kina cha mm 17.8. Matokeo yake ncha za vidole zitachungulia nje kidogo, nawe utazishusha kwa msasa. Ukikosea kinyume chake, uso wa ubao ndio utakaochungulia, na kuupiga msasa uso wa plaiwudi ni kutafuta tabaka la chini. Tabaka la juu kwenye plaiwudi nyingi za bei nafuu halifiki hata milimita moja.

Kabla ya karatasi nzima, kata jaribio kutoka kwenye kipande cha karatasi hiyo hiyo. Mambo mawili tu. Kwanza, kata kidude cha mraba cha mm 50 na tundu la mraba la mm 50, uvipime vyote kwa X na kwa Y. Tundu likisoma 49.9 na kidude kikisoma 50.1 kwa pande zote, biti yako inakata kama ya mm 5.9, badilisha namba hiyo kwenye programu, usiguse mchoro. Lakini X ikisoma tofauti na Y, biti haina hatia. Hapo kuna mkanda uliolegea au skrubu ya kuendeshea yenye mchezo, na hakuna ulegevu wa kuchora utakaoponya hilo. Pili, kata vipande viwili vya vidole vitatu vitatu, vyenye masikio, uviunge bila gundi. Unachotafuta ni kiungo kinachoingia kwa kusukuma na kiganja na kugongwa kidogo mwishoni. Kikiingia chenyewe kwa uzito wake, gundi nyeupe haitaziba nafasi hiyo, maana inapokauka inanywea. Kikihitaji nyundo ya nguvu, kumbuka kwamba ukipaka gundi ya maji mbao zitavimba, na kilichokuwa kigumu kitakwamia nusu ya safari.

Kama mteja hataki kuona masikio hata kidogo, ziko njia tatu na zote zina bei. Ya kwanza ni patasi. Kata bila masikio, kisha kila kona uitoe kwa mkono. Nyama yenyewe ni ndogo, kama mm 1.2 kwa mshazari, lakini ni kona 64, na tabaka za plaiwudi zinazopishana zinapenda kuchanika kila patasi inapovuka nyuzi. Patasi iwe ya kunyolea ndevu, na ukate kutoka nyuso zote mbili mkutane katikati. Kwa kabati moja la mteja anayelipa, sawa. Kwa oda ya makabati thelathini ya hosteli, hapana.

Ya pili ndiyo ninayoipenda: acha mapengo na mviringo wake, na badala yake zungusha zile kingo mbili ndefu za kila kidole kwenye uso wa ndani. Ndizo zilizokuwa zinagoma tangu mwanzo. Tupa ya kawaida au rauta ndogo ya mkono yenye biti ya kuzungushia kingo ya mm 3 inatosha. Kiungo kikikaa, kwa nje unaona ncha ya kidole yenye kona mbili laini zilizokumbatiwa na ubao wa pili, bila tundu lolote. Fanya hivyo kwa mbao zote mbili, maana kila mmoja una mapengo na vidole. Angalizo moja: usizungushe uso wa nje. Ukikosea uso, umetengeneza mtaro usioweza kuuziba, kwa hiyo andika "NDANI" kwa penseli kwenye kila ubao kabla hujashika tupa.

Ya tatu ni kukata ubao ukiwa umesimama, nayo inatupeleka kwenye droo za mteja wako.

Mkia wa njiwa una mbao mbili tofauti. Ubao wa mikia ukiulaza kwenye mashine unaonekana kama vidole vilivyopanuka nchani, na biti yako iliyonyooka inaweza kuukata. Ubao wa pili, wa pini, ndio wenye ugomvi. Pini ni nyembamba kwenye uso mmoja wa ubao na pana kwenye uso wa pili, yaani kuta zake zinalala kupitia unene. Biti iliyosimama wima haiwezi kukata ukuta uliolala. Huo si upungufu wa mchoro wako wala wa programu. Mashine ya mihimili mitatu haiinamishi kichwa. Nimeona watu wakichora mikia kwenye mbao zote mbili wakitarajia zikutane kwa pembe ya mraba. Zinakatwa vizuri kabisa na haziwezi kuungana.

Njia ya kweli ni kuusimamisha ubao kwenye jiliwa mbele ya meza ya mashine, ncha yake ikiwa juu. Mikia inakatwa kwa biti ya mkia wa njiwa inayopita moja kwa moja, na pini zinakatwa kwa biti iliyonyooka inayofuata njia ya mshazari. Na tazama jambo zuri linalotokea: biti inapoingia upande mmoja wa unene na kutokea upande wa pili, mviringo wake unabaki hewani nje ya ubao. Kitako cha pengo kinakatwa na uso wa chini wa biti, ambao ni bapa, na kona inatoka ya mraba bila sikio. Vidole vya kawaida pia vinaweza kukatwa hivi. Lakini meza yako lazima iwe na nafasi ya wazi mbele, kichwa kiweze kupanda vya kutosha, na nyuma ya ubao uweke kipande cha mbao ya kutupa ili tabaka la mwisho lisipasuke biti inapotokea. Ubavu wa droo wa mm 120 unaingia kwa urahisi. Ubavu mrefu wa kabati unahitaji nafasi ya kuning'inia chini ya meza, na mashine nyingi ndogo hazina.

Hata ukiwa na jiliwa hilo, mimi nisingekata mikia ya njiwa kwenye plaiwudi. Nguvu ya mkia inatoka kwenye nyuzi zinazokwenda urefu wote wa mkia bila kukatika. Kwenye plaiwudi karibu nusu ya tabaka zinakwenda kinyume, na zile ncha kali za pembeni, ambazo ndizo zinazoshika, zinabanduka kama maganda ya kitunguu. Wakati huohuo plaiwudi inavipa vidole vilivyonyooka faida ambayo mbao za kawaida hazina: kwenye kila ukuta wa kidole kuna tabaka ambazo nyuzi zake zimelala sambamba na gundi, na gundi inazishika vizuri. Kwa droo ya mm 12 vidole vya mm 24 vyenye gundi vinatosha. Ukiogopa mvuto wa kila siku, toboa tundu dogo kutoka juu kupitia vidole vilivyokwisha kuungwa, upigilie kijiti cha mbao ngumu chenye gundi.

Mteja akishikilia mkia wa njiwa, mwambie ukweli: droo za zamani anazozikumbuka zilikuwa za mbao nzima. Mtengenezee pande za droo kwa mninga, mikia ikatwe kwa msumeno na patasi, na kabati libaki plaiwudi. Bei itapanda, naye ataamua.

Mahali ambapo mkia wa njiwa wa CNC unafaa plaiwudi ni pale unapounganisha karatasi mbili bapa kwa bapa, kwa mfano kaunta ya mita 3 wakati karatasi ina mm 2440. Hapa mbao zote zimelala kwenye uso mmoja, mviringo wa moja unaonekana kwenye mchoro wa nyingine, na ile mbinu yako ya kuzungusha ncha inafanya kazi. Zungusha kila kona, ya ndani na ya nje, kwa nusu kipenyo cha mm 3.5, na hutahitaji sikio lolote. Pembe ya mkia iwe kama nyuzi 10. Usiinamishe zaidi ya hapo kwa kutafuta urembo, kwa sababu kona inavyozidi kuwa kali ndivyo biti inavyoachwa mbali nayo: kona ya nyuzi 90 inabakiza mm 1.2, ya nyuzi 80 tayari inabakiza karibu mm 1.7. Vipande hivi haviingizwi kwa kuteleza, vinashushwa kutoka juu, kwa hiyo mm 0.1 ya ulegevu kila upande ni lazima. Na chini ya kiungo uweke mhimili au ubao wa kubeba. Kiungo hiki kinazuia kuvutana. Mzigo wa kukipinda, kama wa mtu anayekalia kaunta, kitaupinga kidogo tu kisha kifunguke.

Kuna mambo mawili ambayo siwezi kukusaidia kwa maandishi. La kwanza ni kama baada ya masikio na vipimo sahihi kiungo bado kinakaa vizuri kwenye uso mmoja na kuacha ufa kwenye uso wa pili. Pima pengo juu, ligeuze upime chini. Likiwa jembamba chini, biti inajipinda: kata tabaka za mm 3 au 4 kwa kila mpito badala ya kuzama kwa pupa, na ubadilishe biti kama imekuwa butu. Likiwa na upana ule ule lakini kuta zimeinama upande mmoja, kichwa cha mashine hakijasimama mraba na meza. Hilo linataka fundi mitambo aje na kipimio chake, aweke shimu. Kama huna mtu, walimu wa VETA hapa mjini wanaweza kukuelekeza kwa mtu anayeaminika. Usijaribu kulilegezea kwenye mchoro.

La pili ni kama oda zako zitafika kwenye vitanda vya ghorofa vya wanafunzi. Kiungo cha ngazi na cha ubavu wa kitanda cha juu kinabeba mtu anayelala mita moja na nusu kutoka sakafuni, na hicho kihesabiwe na kukaguliwa na mtu aliyesimama mbele yake, kwa boliti za kupita pamoja na vidole.

Kwa kabati lako la sasa anza na lile jaribio la vidole vitatu, sikio likiwa ukutani, r ikiwa 3.1. Na zile mbao ulizokwisha kukata usizichome: piga tupa kingo ndefu za ndani kwa mviringo wa mm 3, kwenye mbao zote, na vidole vile vile vilivyogoma vitashuka. Ila kwa kuwa ulivilegeza mpaka vikacheza, hizo ziunge kwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na vumbi la plaiwudi.